Ngoma ya Gizani

Wageni wakiletwa mbele ya mzinga wa kioo, wote humtafuta malkia. Huambiwa ana tumbo refu, huonyeshwa kwa kidole, hupiga picha, kisha huondoka wameridhika. Mimi hubaki nyuma. Macho yangu hushuka hadi karibu na mlango, kwenye kipande kidogo cha sega ambako wazee hufikia wanaporudi kutoka malishoni. Nyuki mchumaji aliyezeeka utamjua kwa uchakavu wake: ncha za mabawa zimetafunika, na manyoya yamepukutika hadi mgongo unang'aa. Amebakiwa na siku chache za kuishi, naye ndiye mwenye ujuzi mkubwa kuliko wote waliomo mzingani.

Mmoja wao akitoka kwenye maua mazuri, haingii kupumzika. Huwagawia wapokeaji shehena ya mbochi aliyoibeba, mdomo kwa mdomo, kisha hujitafutia nafasi katikati ya msongamano. Hapo huanza kazi. Hutembea hatua chache kwa mstari ulionyooka huku akitikisa mwili kulia na kushoto, mara 13 hadi 15 kwa sekunde moja, na mabawa yakitoa mvumo wa kukatika-katika. Mstari ukiisha, mtikiso hukoma. Huzunguka kwa kulia hadi pale alipoanzia, huupita mstari uleule akitikisa tena, na safari hii huzunguka kwa kushoto. Anachora nane juu ya nta, tena na tena, na kila mara kile kipande cha katikati hurudi na urefu uleule na mwelekeo uleule, kwa kadiri mwili mdogo unavyoweza.

Nyuma yake hujipanga wengine, wanne, watano, pengine zaidi. Humfuata kila anapopinda, wakikanyagana, vipapasio vyao vikimgusa ubavuni na mgongoni. Sisi tulioondoa ubao na kuweka kioo tumewawashia taa wasiyoihitaji. Katika mzinga wa kweli, wa gogo au wa magome, kazi hii yote hufanyika gizani. Hakuna anayemwona mchezaji. Wanamjua kwa kumpapasa, kwa mtikisiko wa hewa iliyo karibu na mabawa yake, na kwa mtetemo unaopita kwenye kingo za nta. Ndiyo maana mahali anapochezea pana uzito wake. Akicheza juu ya matundu matupu yaliyo wazi, hupata wafuasi wengi kuliko akicheza juu ya matundu yaliyofunikwa, kwa kuwa nta iliyo wazi hutetema vizuri zaidi chini ya miguu yao.

Anawaambia nini? Kwanza, upande wa kwenda. Ndani ya mzinga hakuna jua, lakini ngoma yote imejengwa juu ya jua. Kwenye sega lililoning'inia wima, upande wa juu husimama badala ya jua. Mstari wa mtikiso ukielekea juu kabisa, maana yake ni kwamba maua yako upande lilipo jua, uruke ukilielekea. Ukielekea chini, ulipe jua kisogo. Ukilalia kushoto ya wima kwa nyuzi 40, maua yako nyuzi 40 kushoto kwa jua. Mchezaji ameipima pembe hiyo huko nje kwa macho, na humu ndani anaipima upya kwa uzito wa mwili wake mwenyewe unaovutwa chini. Anayemfuata huipokea kwa mguso, huibeba hadi mlangoni, na akishatoka nje huigeuza tena kuwa pembe ya jua.

Tuuchukue mfano wa Tabora, mwanzoni mwa Oktoba, miombo inapochanua kabla ya mvua. Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na siku hizo jua hupita juu ya utosi kabisa. Asubuhi nzima hukaa mashariki, alasiri nzima hukaa magharibi. Tuseme mti wa mtundu umejaa maua kilomita moja na nusu kaskazini mwa mzinga. Saa tatu asubuhi, nyuki anayetoka mzingani akilitazama jua, kaskazini iko mkono wake wa kushoto, robo nzima ya duara. Basi mchezaji huulaza mstari wake juu ya sega, umelala kabisa, ukielekea kushoto. Saa tisa alasiri, jua likiwa limehamia magharibi, kaskazini imehamia mkono wa kulia. Mchezaji yuleyule, akitoka kwenye mti uleule ambao haujasogea hata shubiri, sasa huulaza mstari wake kuelekea kulia. Mtu asiyejua angeapa kwamba amepata mti mwingine.

Katikati ya nyakati hizo mbili kuna kipindi kigumu. Muda mfupi baada ya saa sita na nusu kwa saa ya mkononi, jua la Tabora la siku hizo husimama utosini, na jua la utosini halina upande. Martin Lindauer, mwanasayansi wa Kijerumani aliyekwenda kuwatazama nyuki wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, aliona kwamba jua likishakaribia utosi kwa nyuzi 2 au 3 ngoma huvurugika, mistari ikielekea huku na huko. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo hali hiyo haizidi nusu saa, na miezi mingi ya mwaka haiji kabisa. Lakini nyuki wa kwetu wana somo ambalo wenzao wa Ulaya hawalihitaji. Kule jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Tabora, mwezi Juni liko kaskazini, na Desemba liko kusini. Kizazi kimoja hulijua jua likipitia mkono mmoja, na kizazi kinachokifuata baada ya miezi michache hulijua likipitia mkono mwingine. Kila nyuki inambidi ajifunze mwendo wa jua la siku zake.

Na akishajifunza, hulibeba kichwani. Wapo wachezaji wanaoshikwa na ngoma, wakacheza muda mrefu bila kutoka nje hata mara moja. Ukimtazama mmoja wao kwa saa nzima ukiwa na kipima pembe, utaona mstari wake unahama polepole, ukilifuata jua ambalo yeye halioni na ambalo limeendelea na safari yake juu ya paa la mzinga. Sijui kazi ya mikono, iwe ya kusuka, ya kuchonga au ya kuunda chombo, ambayo fundi wake huirekebisha hivyo katikati ya pigo na pigo, bila kupumzika na bila kutazama.

Jambo la pili analowaambia ni umbali. Kadiri maua yalivyo mbali, ndivyo mtikiso unavyodumu. Sekunde moja ni kama kilomita moja, ingawa kipimo hiki hutofautiana kidogo kati ya aina moja ya nyuki na nyingine. Yule wa mti wa Tabora angetikisa sekunde moja na nusu hivi kila mstari. Maua yakiwa karibu sana, makumi machache ya mita tu, mtikiso hufupika hadi unakaribia kupotea, na ngoma huwa mzunguko mtupu unaosema: tokeni, tafuteni hapa hapa.

Lakini nyuki hana kamba ya kupimia. Zamani ilidhaniwa anapima umbali kwa uchovu wake, kwa nguvu aliyotumia kuruka. Mwaka 2000 Mandyam Srinivasan na wenzake walitangaza jaribio lililomaliza ubishi huo. Waliweka chakula mwisho wa njia nyembamba yenye urefu wa mita 6 hivi, kuta zake zimechorwa madoadoa yasiyo na mpangilio, karibu na mzinga. Nyuki waliopita humo waliona michoro ikipita kasi pande zote mbili, na waliporudi walicheza ngoma ya mahali palipo mbali kwa zaidi ya mita 100. Walipobadilishiwa michoro, ikawekwa mistari mirefu inayofuata njia, ambayo hairuki machoni mtu anapoipita, umbali katika ngoma yao ukanywea. Kumbe mwendo huupima kwa mandhari, kwa majani, mashina na vivuli vinavyomkimbilia na kumpita.

Hilo nimelitafakari sana. Maana yake ni kwamba sekunde moja ya mtikiso si kilomita ya kila mahali. Ni kilomita ya msitu ule, ukipita kwa njia ile, kwa kimo kile cha kuruka. Juu ya maji tulivu, ambako machoni hakupiti kitu, mwendo uleule huhesabiwa mfupi. Ngoma husema kweli kwa sababu anayeisikia ataruka juu ya ardhi ileile aliyoiruka anayeicheza, akayaona yaleyale. Ujuzi huu umefungwa na nchi yake, na nchi ikibadilishwa uso, kipimo nacho hubadilika.

Wala tusimsifu kwa lisilo lake. Ngoma haifikishi mtu kwenye ua. Mistari ya mchezaji mmoja hupishana, mmoja umelalia huku kidogo, mwingine kule, hasa maua yakiwa karibu, na mfuasi hana budi kuifuata kadhaa ili apate wastani. Akiondoka baada ya mstari mmoja au miwili hupotea, akarudi mikono mitupu kuanza upya. Hata aliyesikia vizuri hufikishwa kwenye mtaa tu, kisha hutafuta kwa harufu ileile aliyoinusa mwilini mwa mchezaji na kuionja kwenye mbochi aliyopewa. Wengi katika wanaofuata ngoma ni wachumaji wenye mahali pao tayari. Wakishainusa harufu wanayoijua, hukumbuka njia yao ya zamani, wakaenda zao. Maneno ya ngoma yana kazi kubwa zaidi kwa asiye na mahali pa kwenda.

Na si kila anayerudi hucheza. Aliyekuta maua hafifu huteremsha alichopata na kunyamaza. Aliyekuta utamu hurudia mistari yake mara nyingi, na utamu ukizidi mistari huongezeka na mapumziko ya kati yake hupungua. Ua likianza kukauka, wachezaji wake hupungua wenyewe bila kuamriwa, na ngoma ya mahali pengine hushika nafasi. Hakuna mkuu anayepokea taarifa zote na kugawa kazi. Kila mmoja husema ukweli wa safari yake kwa kipimo cha thamani yake, na kundi lote hulishwa na ukweli huo.

Lakini kwa nini wajisumbue? Si wangeweza kila mmoja kujitafutia? Mwaka 2004 Anna Dornhaus na Lars Chittka walichapisha jibu ambalo msomaji wa nchi za miombo atalielewa upesi. Walilaza masega hadi yakawa hayana juu wala chini, bila jua la kuonekana. Nyuki waliendelea kucheza, lakini mistari yao haikuwa na maana tena. Huko Ujerumani na Hispania, makundi yaliyonyimwa lugha hayakuonyesha hasara iliyopimika. Huko India, kwenye msitu wa nchi ya joto, mavuno yalishuka waziwazi. Mahali ambapo maua madogo yametapakaa kila upande, anayekwenda kubahatisha hupata. Mahali ambapo chakula kiko kwenye mti mmoja mkubwa uliochanua leo, na mwingine wa jinsi yake uko kilomita mbili mbele, na yote itakuwa imekwisha baada ya siku chache, asiyeambiwa hulala njaa. Ngoma ni kazi ya nchi ya miti.

Aliyetufumbulia ngoma hii kwa mara ya kwanza ni Karl von Frisch, aliyezaliwa Vienna mwaka 1886. Kwa miaka mingi, wakati wa kiangazi, aliwatazama nyuki wake nyumbani kwa familia yake huko Brunnwinkl, kando ya ziwa, akimtia kila mmoja vitone vya rangi mgongoni ili awatambue mmoja mmoja. Katika miaka ya 1920 aliwahi kuandika kwamba ngoma ya mzunguko ni ya mbochi na ile ya mtikiso ni ya chavua. Mwaka 1944, vita vikiendelea, alihamisha vyombo vya sukari mbali na mzinga, akaona mtikiso ukitokea bila chavua yoyote. Aliyafuta maandishi yake ya awali hadharani, na ndani ya muda mfupi akaufumbua umbali na upande. Mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen. Waliomtilia shaka walikuwepo, wakisema nyuki hufuata harufu tu. Mwaka 2005 huko Uingereza, wanasayansi waliwanasa nyuki waliotoka kufuata ngoma, wakawabandika kifaa kidogo cha kuonekana kwenye rada, wakawaachia mahali pengine kando ya mzinga. Nyuki hao waliruka upande uleule na umbali uleule walioambiwa, sambamba na njia iliyokusudiwa, wakafika mahali pasipo na chochote, wakaanza kutafuta. Waliambiwa, wakasikia, wakatii. Kosa lilikuwa la aliyewahamisha.

Hadi hapo ungedhani ujuzi huu nyuki huzaliwa nao, kama anavyozaliwa na mabawa. Ndivyo tulivyoamini muda mrefu. Kisha mwaka 2023 Shihao Dong, Tao Lin, James Nieh na Ken Tan, wakifanya kazi mkoa wa Yunnan nchini China, wakatuonyesha upande mwingine. Waliunda makundi ya nyuki watoto watupu, wote wa umri mmoja, waliotoka kwenye masega bila kukuta mkubwa hata mmoja ndani. Siku za kwenda malishoni zilipofika, watoto hao walitoka wenyewe, wakapata chakula, wakarudi, wakacheza. Hakuna aliyewafundisha, na walicheza. Lakini walicheza vibaya. Mistari yao ilitawanyika, pembe zikapishana mno, na umbali wakautaja mrefu kuliko ulivyo. Katika makundi ya kawaida, mtoto hutanguliwa na siku za kumfuata mkubwa nyuma, vipapasio vikimgusa ubavuni, mwanagenzi aliyekaa miguuni pa fundi wake, na akija kucheza mara ya kwanza hucheza vizuri.

Wanasayansi hao hawakuishia hapo. Waliwangoja wale mayatima wakue, wapate uzoefu, wakutane na wachezaji wengine, kisha wakawapima tena siku 20 baadaye. Upande walikuwa wamejirekebisha. Pembe zao hazikutawanyika tena kama mwanzo. Umbali hawakuurekebisha kamwe. Mpaka mwisho wa maisha yao waliendelea kutaja mbali pasipo mbali. Kuna sehemu ya ujuzi ambayo mtu anaweza kujifunza kwa kukosea na kurudia, na kuna sehemu ambayo usipoipokea siku zake zikiwa bado hazijapita, haiji tena. Na sehemu hiyo iliyokosekana ndiyo ile ya mandhari, kipimo cha nchi wanamoishi. Wakubwa walikuwa wanawakabidhi watoto ardhi yao.

Namkumbuka mzee mmoja wa kule Sikonge, mrina asali, aliyekuwa na mizinga ya magome juu ya miti ambayo baba yake pia aliwahi kutundika. Alikuwa akipanda jioni, nyuki wote wakiwa wamerudi, akiwa na mwenge wa magome yaliyofungwa vizuri ili utoe moshi bila kuwaka. Alipuliza moshi kidogo mlangoni, akangoja. Hakuwa na haraka ya kuingiza mkono. Masega ya asali iliyofunikwa aliyakata upande mmoja, akateremsha ndoo kwa kamba, na yale yenye watoto na chavua hakuyagusa, hata pale vijana waliokuwa chini walipomwambia, "Babu, mbona unaacha mengi?" Aliwajibu bila kugeuka, "Hayo si ya kwangu, wanangu. Hayo ni ya mwenye nyumba." Hakujua lolote kuhusu Yunnan wala pembe za jua. Alijua tu kwamba nyumba ina watu wake, wakubwa na wadogo, na kwamba anayechukua lazima aache nyumba ikiwa imesimama.

Leo nikipita vijijini naona mizinga iliyorinwa kwa moto mkubwa, mchana au usiku, mlango umeungua mweusi na chini yake kuna rundo la nyuki waliokufa. Huokotwa asali ya ndoo moja, na msimu unaofuata mzinga uko mtupu, mtu analalamika kwamba nyuki wa siku hizi hawakai. Moto huo hauchagui, lakini wanaotangulia kutoka kulinda nyumba ni wakubwa. Na huko mashambani dawa za wadudu hupulizwa saa nne asubuhi, maua ya alizeti na matikiti yakiwa yamefunguka na wachumaji wamejaa juu yake, ilhali dawa ileile ingepulizwa jioni baada ya wao kurudi. Wanaokufa shambani ni wale waliotoka, na waliotoka ni wazee. Kundi likipoteza wachumaji wake kwa ghafla, vijana husukumwa malishoni kabla ya wakati wao, siku ambazo walipaswa kuwa bado wanafuata nyuma ya mchezaji gizani.

Hata dawa isiyoua huacha alama. Nyuki waliopewa kiasi kidogo cha imidaklopridi, dawa inayotumika sana mashambani, walionekana kucheza mistari michache mno kuliko wenzao ambao hawakupewa. Huruka, hurudi, huonekana wazima, lakini wanasema kidogo. Mkulima hawezi kuliona hilo kwa kutazama shamba lake. Mfugaji naye hulihisi tu mwisho wa msimu, anapoinua mzinga na kuukuta mwepesi. Ukimya wa aina hii haupigiwi yowe na mtu, na ndiyo sababu unatutawala.

Kuna wanaosema tutanunua makundi mapya, tutagawa mizinga ya kisasa, nyuki watazaliana. Watazaliana, ndiyo, malkia hutaga mamia ya mayai kwa siku. Lakini mayai hayana kipimo cha msitu ule. Kipimo hukaa kwa wachumaji wachakavu ambao maisha yao ya malishoni hayazidi wiki chache, na hupita kwa mguso kutoka kizazi hadi kizazi bila kukatika, mradi siku zote wawepo wakubwa na watoto nyumba moja. Mnyororo huo ukikatwa mara moja kwa moto au kwa bomba la dawa, watoto watajifunza upya upande lilipo jua, maana jua liko pale pale kila asubuhi. Umbali wa miti yao hawatakuwa na wa kuwakabidhi, nao watakufa wakiupotosha bila kujua kwamba wanaupotosha. Na hapo ni pale ambapo miti yenyewe bado imesimama. Mwenge wa magome, jioni moja ya kungoja, na bomba lililowekwa chini hadi jua lizame: hivyo tu ndivyo vilivyotakiwa kwetu, na hatukuona kwamba vina thamani ya kusubiri.